Vikopo vya katikati na vikopo vya pembeni: kisa cha yogati iliyogoma kuganda Tabora

Maziwa ni ya ndoo moja, kimea, yaani yogati kidogo ya kugandishia, ni cha kopo moja, mkono uliotia ni mmoja na usiku ni huohuo. Asubuhi boksi linafunguliwa, na ndani yake kuna yogati za namna tatu. Chache zimeganda vizuri. Nyingi ni majimaji yanayovutika kama mlenda ukiinua kijiko. Nne za kwenye pembe zina vipovu chini ya kifuniko na harufu ambayo huhitaji mtaalamu kukueleza kwamba si ya kula.

Mwenye boksi hilo nitamwita Zuwena, jina ambalo si lake. Ni binti wa miaka ishirini na kidogo, anaishi Isevya na mama yake ni rafiki yangu wa siku nyingi, ndiyo maana ananiita mama mdogo. Mimi nimefanya kazi ya kusindika maziwa kwa miaka mingi, kwa hiyo yogati ikigoma mtaani kwetu mara nyingi nasikia. Kisa chake nakiandika kwa urefu kwa sababu watengenezaji wengi wadogo wana shida hiyohiyo, na karibu wote wanaitafuta mahali ambapo haipo.

Zuwena alianza mwezi wa kumi. Huo ni mwezi ambao Tabora inachoma kwelikweli, mchana joto linapita nyuzi 30 na jikoni kwa mama yake, chini ya bati, ni zaidi ya hapo. Alikuwa ananunua lita kumi za maziwa kwa mtu wa baiskeli anayetoka vijiji vya Uyui, anachemsha, anapoza, anatia kimea, anamimina kwenye vikopo arobaini vya robo lita, anapanga ndani ya boksi la karatasi na kulifunika blanketi. Alfajiri anapeleka dukani na shuleni. Wateja walimsifu. Mvua zikaja, zikapita, mambo yakiharibika mara mojamoja tu. Kufika mwezi wa sita boksi zima likawa bahati nasibu, na mwezi wa saba akawa anamwaga nyingi kuliko anazouza.

Washukiwa walikuwa watatu. Wa kwanza mtu wa maziwa: anatia maji, au ng'ombe wake wanachomwa dawa. Wa pili kopo la yogati alilonunua kwa ajili ya kimea: limepitwa na wakati. Wa tatu, kwa maelezo ya jirani mmoja, jicho la mtu. Zuwena alishabadilisha muuza maziwa na kimea vilevile. Kuhusu jicho sijui alifanya nini, sikumuuliza.

Habari ya dawa si ya kupuuza. Ng'ombe akitibiwa ugonjwa wa kiwele kwa dawa ya jamii ya penisilini, maziwa yake yanabaki na dawa kwa siku kadhaa, na bakteria wa yogati, hasa streptokoka, wanakufa kwa kiasi kidogo mno ambacho wewe huwezi kukionja. Nimeona matangi mazima yakilala usiku kucha bila kuganda kwa ajili hiyo. Maji nayo yanafanya yogati iwe nyepesi. Lakini dawa ikiwa kwenye ndoo imo kwenye ndoo yote, na maji vilevile. Haiwezekani kopo moja ligome na jirani yake ligande kama maini, ilhali yote yametoka kwenye sufuria moja. Zuwena aliponiambia, akipita tu, kwamba "huwa zinabaki kama kumi na mbili nzuri", nikamuuliza zilikaa wapi ndani ya boksi. Hakujua. Hakuna anayeangalia jambo hilo.

Nikamwomba afanye kitu rahisi: achukue kalamu ya wino mzito, aandike namba kwenye kila kifuniko na kuchora kwenye daftari namba ipi imekaa wapi. Boksi lake lilipokea safu mbili, kila safu vikopo vinne kwa vitano. Ukizichora hivyo utaona katika kila safu vikopo kumi na vinne vinagusa ukuta wa boksi na sita tu vimezungukwa na wenzao pande zote. Sita mara mbili ni kumi na mbili. Asubuhi alikuja na daftari mkononi, hata shikamoo akaisahau mpaka alipokwisha kukaa.

"Mama mdogo, ni za katikati. Zote ni za katikati."

"Na zenye vipovu?"

"Za pembeni kabisa, kwenye kona, safu ya chini. Boksi naliweka sakafuni."

Sakafu yenyewe ni ya saruji, na usiku wa mwezi wa saba hapa kwetu joto la nje linashuka hadi karibu nyuzi 15. Kuanzia hapo nilijua tunatafuta nini, ila kujua kwangu hakutoshi. Alihitaji kuliona mwenyewe kwa namba.

Jioni ile alikuja na kipimajoto cha homa. Nilicheka, lakini si yeye wa kwanza. Kipimajoto cha homa kimetengenezwa kwa mwili wa binadamu. Cha kioo kinaishia nyuzi 42, na cha betri kikizidiwa kinaandika herufi tu kwenye kioo chake na kukaa kimya. Yogati inaanzia pale ambapo chenyewe kinaishia. Tukatafuta cha jikoni, chenye sindano ndefu ya chuma na betri ndogo, ambacho si ghali sana. Kabla ya kukiamini tulikijaribu. Kwenye bilauri ya vipande vya barafu na maji kidogo kikasoma sifuri, sawa. Kwenye maji yanayochemka kikasoma 96, na Zuwena akataka kukirudisha dukani.

Kipimajoto kilikuwa kizima. Tabora iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Huku kwetu maji yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi. Kikisoma 100 hapa ndipo uwe na wasiwasi. Kwa yogati tofauti hiyo haidhuru, maana maziwa yanahitaji kufika 85 na kukaa hapo nusu saa, au yatokote dakika tano, ambayo kwa Tabora ni vilevile. Joto hilo linaua vijidudu vya maradhi, na pia linakunjua protini za maziwa zile ambazo zingebaki kuelea, zikashikamana na protini ya kuganda. Ndiyo sababu maziwa yaliyochemshwa vizuri yanatoa yogati nzito na ya maziwa ya vuguvugu inalegea. Zuwena sehemu hii alikuwa anaifanya vizuri siku zote.

Shida ilianza katika kupoza. Alikuwa anatumia kidole: akikitumbukiza na kuhesabu mpaka kumi bila kukitoa, basi maziwa yamefika. Nilimwambia afanye kama kawaida yake, nami nikachovya sindano papo hapo kidole kilipotoka. Ikasoma 53. Kidole changu mimi hakikufika hata tatu. Yeye amekulia kwenye jiko la mkaa, anageuza chapati kwa mkono na kuipua sufuria bila kitambaa. Kidole chake kilishasahau moto ni nini. Wasichana wawili wakifuata maelekezo yaleyale ya kidole wanaweza kupishana nyuzi nane au kumi.

Tuwaangalie sasa wenyewe wanaofanya kazi. Ndani ya yogati kuna bakteria wa aina mbili wanaoishi kwa kutegemeana. Wa kwanza ni streptokoka, mviringo, wamejipanga kwenye mnyororo. Hawa ndio wanaoanza: wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi laktiki, na wanatoa pia asidi kidogo ya fomiki na hewa ya ukaa ambazo wenzao wanazihitaji. Wa pili ni laktobasili, virefu kama vijiti. Hawa wanakatakata protini ya maziwa kuwa vipande vidogo ambavyo streptokoka wanavitamani lakini hawana nguvu ya kuvikata wenyewe. Kila mmoja akiwa peke yake anafanya kazi taratibu. Wakiwa pamoja maziwa yanaganda kwa saa nne hadi sita. Uchachu tunaupima kwa pH, na namba yake ikishuka uchachu umezidi. Streptokoka wanashusha maziwa kutoka pH 6.6 au 6.7 hadi karibu 5, kisha laktobasili, ambao wanavumilia uchachu zaidi, wanaendelea nayo. Maziwa yanaanza kushikana kama kwenye 5.2, na yakifika 4.6 yameganda sawasawa.

Hawa wawili hawapendi joto lilelile. Streptokoka wanastawi zaidi karibu na 40, na hata likishuka bado wanajikokota. Laktobasili wanapenda juu kidogo, 43 hadi 46, na likishuka chini ya 35 wanalegea sana. Nyuzi 42 au 43 ambazo kila mtu anazitaja ni mapatano tu, mahali ambapo kila mmoja anapata riziki ya kutosha kumlisha mwenzake. Kwa hiyo joto haliulizi tu kama bakteria wako watakuwa hai au watakufa. Linaamua nani kati yao atakuwa wengi asubuhi, na yogati yako itakuwa na tabia ya huyo aliyeshinda.

Usiku ule tulichomeka sindano kwenye kikopo cha kona safu ya chini, tukaacha kifuniko kimetobolewa, na kipimajoto cha pili cha kuazima kwenye kikopo cha katikati. Zuwena aliamka kusoma, mimi nililala. Saa moja baada ya kufunika, kona ilisoma 37 na katikati 46. Baada ya saa tatu, kona 29, katikati 41. Baada ya saa sita katikati palikuwa bado na 36, na kulipokucha kona ilikuwa 20, sawa na hewa ya jikoni.

Fuata kila kikopo peke yake na namba hizo. Vyote viwili vilitiwa kimea kwenye 53, joto ambalo bakteria wa yogati wanasimama kazi na baadhi yao wanaumia. Cha katikati kilishuka polepole. Kilipita 46, kikapita 43, kikakaa saa kadhaa mahali ambapo wote wawili waliopona wangeweza kuamka na kushirikiana. Cha kona kiliporomoka. Bakteria walikuwa hawajapata pumzi ya kuungua, mara baridi ikawakuta. Laktobasili wakalala. Streptokoka wakaendelea wenyewe bila vipande vya protini wanavyovihitaji, uchachu ukapanda kwa kusuasua, na maziwa hayakufika pale pa kushikana. Zaidi ya hapo, streptokoka wa namna fulani wakikaa kwenye joto la chini wanatengeneza sukari ndefu za kunata kwa wingi, na huo ndio mlenda aliokuwa anauona kwenye kijiko.

Na vipovu? Hivyo si vya bakteria wa yogati hata kidogo. Kwenye 20 hadi 30 wanastawi wageni: hamira za mwituni, vijidudu vya mikono na vya vyombo, wale wanaoingia kwa jagi lililosuuzwa kwa maji ya kisima au kifuniko kilichofutwa kwa kitambaa. Wageni hawa wanakuwapo karibu kila jikoni. Yogati inayochacha haraka inawafungia mlango, kwa sababu wengi wao, ukiacha hamira, hawawezi asidi. Maziwa yaliyokaa usiku kucha yakiwa matamu na ya uvuguvugu ni karamu yao. Hewa wanayotoa ndiyo inayovimbisha kifuniko. Kikopo cha hivyo hakionjwi, kinamwagwa, na jagi na vifuniko vinachemshwa kabla ya kutumika tena.

Hapa watu huuliza mbona bibi zetu waliweka maziwa kwenye kibuyu bila joto lolote yakawa mtindi mtamu. Kweli, lakini bakteria wa kibuyu ni ukoo mwingine. Wao wanapenda 20 hadi 30, yaani hali ya hewa ya Tabora ilivyo. Mtindi wa kibuyu haukuhitaji blanketi kwa sababu hiyo. Bakteria wa yogati hawakuzoea hali hiyo. Yogati iliganda vizuri mwezi wa kumi kwa sababu jikoni la bati lilikuwa linafidia uzembe wa boksi. Zuwena hakuwa na mkosi mwezi wa saba. Alikuwa na bahati mwezi wa kumi.

Lililobaki lilikuwa kimea, na hapa ndipo nilipokuta jambo lililonisumbua zaidi. Kwa kila lita kumi alikuwa anatia vijiko viwili vya mezani. Hiyo ni kama mililita 30, sehemu tatu kwa elfu. Kipimo kinachofaa ni asilimia mbili hadi tatu, yaani mililita 200 hadi 300 kwa lita kumi, kikopo chake kimoja kizima. Kimea kidogo kinachelewa, na kuchelewa ndiko kulikokuwa kunawapa wageni nafasi.

Ila lililonisumbua ni alikokitoa. Alikuwa ananunua kopo jipya mwanzoni tu, halafu anaendelea na yogati yake mwenyewe kama kimea cha kesho. Hilo halina ubaya likifanywa kwa akili. Lakini mfanyabiashara hawezi kuchukua kikopo kizuri cha kuuza akakimwaga kwenye sufuria. Alikuwa anachukua kimoja katika vile vilivyokataa kuuzika, kwa maneno mengine kikopo cha pembeni. Kila usiku alikuwa anawachagua, bila kujua, wale waliovumilia baridi: streptokoka wa mlenda wengi, laktobasili wachache mno, na wageni. Kesho yake hata kikopo cha katikati kilianza na jeshi lisilokamilika. Ndiyo maana mambo yalizidi kuwa mabaya wiki hadi wiki badala ya kubaki palepale, na ndiyo maana kubadilisha muuza maziwa hakukusaidia kitu. Hata kopo jipya la dukani lilimpa nafuu ya siku mbili tatu tu, kabla ya boksi kulichuja tena vilevile.

Tukamwaga kimea chote cha zamani. Akanunua yogati mpya isiyo na sukari wala ladha, iliyoandikwa kuwa ina bakteria hai, kutoka duka lenye friji isiyozimwa usiku. Yogati iliyopashwa moto baada ya kuganda ili ikae sana haifai kwa kazi hii, bakteria wake wameshakufa.

Boksi la karatasi likaondoka, likaja deli, lile la povu gumu la kubebea samaki, ila jipya. Blanketi huzuia joto lisitoke, lakini vikopo vya robo lita havina joto la kutosha la kuzuia. Vinahitaji kitu kizito cha kuvisaidia, na kitu hicho ni maji. Hesabu yake inafanyika kichwani. Ukiweka lita kumi za maziwa yaliyo 38 ndani ya lita kumi za maji yaliyo 46, yatakutana katikati, kwenye 42. Na lita ishirini kwa pamoja zinapoa taratibu kuliko lita kumi zilizogawanywa vipande arobaini hewani. Utaratibu wake mpya ukawa huu: maziwa yanapozwa kwa kuweka sufuria kwenye beseni la maji na kukoroga mpaka sindano isome 43, kimea kinavurugwa kwanza kwenye kikombe cha maziwa hayohayo kisha kinarudishwa, vikopo vinajazwa upesi, maana kumimina vikopo arobaini kunakula nyuzi kadhaa, vinapangwa ndani ya deli lenye maji yaliyopimwa, yakifika karibu na shingo ya kikopo bila kugusa kifuniko, deli linafungwa na halifunguliwi kila dakika.

Mara ya kwanza ya utaratibu huo maji yalisoma 42 baada ya saa mbili na 41 baada ya saa tano. Vikopo vyote viliganda, vya kona na vya kati. Alinipigia simu usiku saa nne akilia, nikadhani kuna msiba.

Kisha akaharibu tena, na uharibifu huu wa pili naupenda zaidi kwa sababu ulitokana na kufikiri. Aliona kwamba baridi ndiyo adui, akahitimisha kwamba joto zaidi ni rafiki zaidi. Akatia maji ya 50, akalisogeza deli karibu na jiko la mkaa, akalala. Asubuhi yogati zilikuwa zimeganda, lakini juu ya kila moja kulikuwa na kidole kizima cha maji ya rangi ya njano-kijani, chini yake donge lililosinyaa lenye chengachenga, na uchachu wa kukunja uso. Wateja wawili walirudisha. Alipokuja kwangu alikuwa amekata tamaa kuliko wakati wa mlenda, maana safari hii alikuwa na kipimajoto.

"Mama mdogo, nimepima. Ilikuwa 47 nilipoifunga."

"Ukaitoa saa ngapi?"

"Asubuhi. Saa kumi na mbili."

Alifunga saa tatu usiku. Saa tisa ndani ya joto ambalo laktobasili ndio wanaotawala. Kwenye 46 au 47 streptokoka wanachoka mapema na vijiti vinashika usukani, na vijiti havijui kusimama. Vinaendelea kutoa asidi baada ya 4.6, vikafika 4 au chini zaidi. Wavu wa protini ukijengwa kwa haraka namna hiyo, tena kwenye joto kubwa, unajikaza na kukamua maji yaliyokuwa yamekaa ndani yake. Hayo ndiyo maji ya njano. Ukivitikisa vikopo vikiwa bado vya moto unayaongeza. Kumbe maji juu ya yogati na mlenda ndani ya yogati ni makosa yanayotoka pande mbili zinazopingana, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Mtu asiyepima anaweza kuhangaika kati ya hayo mawili mwaka mzima, leo anaongeza blanketi, kesho anaondoa.

Kwa hiyo likaja swali la kusimamisha. Yogati haijui kwamba imeganda. Wewe ndiye unayeiambia, kwa kuipoza. Nilimwonyesha dalili: baada ya saa nne inamisha kikopo kimoja polepole. Kama pande lote linajitenga na ukuta wa kikopo kwa pamoja, uso wake laini, na mstari mwembamba tu wa maji pembeni, imefika. Kama uso unateleza kama uji, rudisha, angalia tena baada ya nusu saa. Alinunua pia karatasi za pH zinazobadilika rangi. Kwa maziwa meupe mazito zinasomeka kwa shida na haziwezi kukutofautishia 4.6 na 4.4, lakini 5.2 na 4.6 zinatosha kuzitenganisha. Mimi naamini kikopo kilichoinamishwa kuliko karatasi.

Hilo lilimlazimisha abadilishe saa za kazi. Kutengeneza usiku na kutoa alfajiri ni kuzuri kwa mwenye usingizi, si kwa yogati. Sasa anatia kimea saa nane mchana, maziwa ya asubuhi yakiwa yameshachemshwa na kupozwa. Saa moja jioni anavitoa, anavipanga kwenye beseni la maji baridi kwa nusu saa bila kuvitikisa, kisha friji. Beseni ni la lazima kwake. Vikopo arobaini vya moto vikiingizwa pamoja kwenye friji ndogo ya nyumbani vinaipasha friji, na vya katikati vinabaki juu ya nyuzi 20 kwa saa nyingi huku laktobasili wakiendelea na karamu. Ni boksi lile la karatasi limegeuzwa: safari hii za pembeni ndizo nzuri na za katikati ndizo zinazochacha. Aliligundua mwenyewe, kwa kuandika namba kwenye vifuniko.

Umeme ukikatika hana njia. Yogati iliyofika 4.6 na kubaki jikoni kwenye joto la mwezi wa kumi itakuwa kali kabla ya kesho jioni, na siku hizo anapunguza maziwa ananunua lita tano tu. Kimea anakitoa kwenye kikopo alichokitenga tangu mwanzo wa kazi, cha katikati ya deli, na baada ya mizunguko michache anaanza upya na kopo la dukani, hata kama la kwake bado linaonekana zuri.

Juzi shule moja imemwomba lita arobaini kwa siku. Amenunua sufuria kubwa na kunipigia kuuliza kama atie tu kimea mara nne na mambo yaishe. Kimea ndiyo, mara nne, kikiwa na asilimia ileile. Tatizo ni kupoza. Lita kumi kwenye beseni la maji zinashuka kutoka 90 hadi 43 ndani ya muda wa kuridhisha. Lita arobaini ndani ya sufuria moja kubwa zinaweza kukaa saa nyingi zikishuka taratibu kutoka 50 hadi 43 bila kimea ndani, na hapo mgeni anayevumilia joto aliyeingia kwa mwiko anapata nafasi aliyokuwa anaitafuta. Nimemwambia azigawe kwenye sufuria nne, na deli moja halitatosha. Bado anapiga hesabu ya bei ya madeli.